Shajara ya mradi: rejista ya mbuzi wa shangazi, kutoka daftari hadi lahajedwali

Siku ya 1

Shangazi amenikabidhi daftari. Ni daftari la shule la kurasa mia, jalada limeng'oka, na ndani mna miaka minne ya mbuzi wake. Kuzaliwa kumeandikwa kuanzia mbele, mauzo kuanzia nyuma, na chanjo popote palipokuwa na nafasi. Vifo havina ukurasa. Vinajitokeza katikati ya mambo mengine, kwa mfano chini ya hesabu ya pumba: "mtoto wa G11 amekufa."

Anachotaka ni kidogo na kimeeleweka: ajue ana mbuzi wangapi, kila mmoja ana umri gani, nani amechanjwa nini na lini, nani aliuzwa, nani alikufa. Mimi ninaweza lahajedwali kiasi cha kutosha, yeye anaweza mbuzi. Tumekubaliana kwamba yeye hatagusa simu na mimi sitamfundisha kuandika upya.

Leo nimesoma tu. Hereni zake ni za plastiki, zimeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, G01 na kuendelea. Ziko za rangi mbili lakini rangi haina maana yoyote. Aliishiwa na njano akanunua buluu.

Siku ya 3

Nimepanga karatasi mbili ndani ya faili moja, *Wanyama* na *Chanjo*. Nilianza na nne, zikiwemo *Mauzo* na *Vifo*, kisha nikazifuta hizo mbili. Sababu ni hii: mbuzi huondoka mara moja tu. Akiuzwa hawezi kufa mikononi mwako, na akifa hauzwi. Kwa hiyo kuondoka kunatosha kuwa safu mbili kwenye mstari wake mwenyewe, tarehe na sababu. Chanjo ni jambo jingine kwa sababu mbuzi mmoja huchanjwa mara nyingi, kila mara kwa tarehe yake. Ukijaribu kuzibana kwenye mstari wa mnyama utaishia na "chanjo 1", "chanjo 2", "chanjo 3" zikienda kulia hadi uchoke kusogeza skrini, na hutaweza kuzihesabu.

Safu za *Wanyama*:

```
A  Kitambulisho    (hakibadiliki kamwe)
B  Hereni ya sasa
C  Jinsia
D  Mama
E  Kuzaliwa
F  Uhakika         (H = hakika, K = kadirio)
G  Kuingia
H  Kutoka
I  Sababu          (kuuzwa / kufa / kupotea)
J  Umri kwa miezi
```

Safu A na B zinaonekana kama kitu kilekile kilichoandikwa mara mbili, na shangazi aliuliza mbona. Nimemwambia hereni ni nguo, kitambulisho ni jina. Hereni hudondoka, hukatika, hubadilishwa. Siku hereni mpya inapovalishwa, B inabadilika na A inabaki, na chanjo zote zinazomhusu mbuzi huyo haziachwi nyuma. Kitoto ambacho hakijavalishwa hereni kinapata kitambulisho kutoka kwa mama: uzao wa tatu wa G22 ni G22/3, na kitabaki hivyo hata kitakapokuja kuvaa G64. Na hereni ya mbuzi aliyekufa haivalishwi mwingine. Alikuwa anafanya hivyo. Ameacha, ingawa kwa manung'uniko, maana hereni hainunuliwi bure.

Umri hauandikwi kwa mkono. Umri uliouandika leo ni uongo mwezi ujao. Inaandikwa tarehe ya kuzaliwa, umri unajihesabu:

```
=IF(E2="","",DATEDIF(E2,IF(H2="",TODAY(),H2),"m"))
```

Sehemu ya kati ndiyo nimeihangaikia. Kama mbuzi ameondoka, hesabu inakoma siku aliyoondoka. Bila hivyo kitoto kilichokufa kikiwa na wiki tatu kinaendelea kuzeeka kwenye rejista, na baada ya mwaka hujui tena kama ulipoteza kitoto au mbuzi mzima.

Siku ya 4

Wawili walinunuliwa wakiwa wakubwa na hakuna anayejua walizaliwa lini. Tumewafungua midomo. Mbuzi hana meno ya mbele juu, ana ufizi mgumu tu, kwa hiyo unaangalia taya la chini, lenye meno manane ya mbele. Ya utotoni ni madogo, membamba, yamekaa kama punje. Ya ukubwa huja mawili mawili kuanzia katikati: jozi ya kwanza kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu hivi, ya pili karibu na miaka miwili, ya tatu karibu na mitatu, ya nne inapojaza kinywa anakaribia minne. Baada ya hapo unakisia kwa kuchakaa na kuachana kwa meno, na kukisia huko sikuamini.

Shangazi alimshika taya kwa mkono mmoja, akasukuma mdomo wa chini kwa dole gumba, akasema "mawili makubwa, mawili yanachungulia" kabla mimi sijaona hata jino. Nikaandika tarehe ya kuzaliwa miezi ishirini na miwili nyuma, na kwenye safu F nikaweka K. Hiyo K ni muhimu. Bila yake tarehe ya kukisia inaonekana sawa kabisa na ile iliyoandikwa usiku wenyewe wa kuzaliwa.

Siku ya 6

Nimemaliza kuhamisha. Mistari 58, mbuzi wote waliowahi kuingia. Walioondoka 24: waliouzwa 14, waliokufa 9, aliyepotea 1.

Nikaandika fomula ya kuhesabu waliokuwepo tarehe yoyote nitakayoiweka kwenye B1, katika karatasi ndogo ya muhtasari:

```
=COUNTIFS(Wanyama!G:G,"<="&B1)-COUNTIFS(Wanyama!H:H,"<="&B1)
```

Nilitegemea 34 nikapata 17. Nikadhani fomula ni mbovu, nikaichezea saa nzima. Fomula ilikuwa nzima. Tarehe ndizo mbovu.

Nilikuwa ninaandika kama tunavyoandika sote, siku kwanza kisha mwezi. Faili lilikuwa limepangwa kusoma mwezi kwanza. Kwa hiyo 25/11/2024 lilipoingia, lahajedwali liliona hakuna mwezi wa 25 likaliacha kama maandishi matupu, ambayo COUNTIFS inayaruka. Hayo angalau yanajionyesha, kwa sababu maandishi hukaa kushoto mwa seli na tarehe halisi hukaa kulia. Mabaya zaidi ni yale yaliyokubaliwa. 11/03/2024, yaani Machi 11, liligeuka kimyakimya kuwa Novemba 3. Likakaa kulia kama tarehe njema.

Lililonifumbua macho ni G22. Rejista ilisema amezaa Novemba 3, na mstari wa chini, uliokaa kushoto, ulisema amezaa tena Novemba 25 ya mwaka uleule. Siku ishirini na mbili. Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi. Kwenye daftari mzao wa kwanza ni wa Machi, na kutoka Machi 11 hadi Novemba 25 ni zaidi ya miezi minane, jambo linalowezekana kabisa.

Nimebadilisha mpangilio wa nchi wa faili, kisha nikafuta tarehe zote na kuziandika upya kutoka kwenye daftari kwa mtindo wa mwaka kwanza, 2024-03-11. Ningeweza kuzigeuza kwa fomula, lakini nilikuwa nimeshabadilisha mpangilio katikati ya kazi mara moja nikaurudisha, na sikujua tena ipi iligeuzwa na ipi haikugeuzwa. Jioni nzima imekwenda. Fomula sasa inasema 34.

Siku ya 7

Mbuzi wamerudi malishoni, tumewahesabu wakiingia langoni. Thelathini na wanne.

Shangazi alifurahi kuliko nilivyotarajia. "Basi mwanangu, imekwisha hiyo." Na mimi nilienda kulala nikiamini imekwisha.

Siku ya 8

Haijaisha. Asubuhi nilitaka tu kujaribu orodha ya kuchapisha, nikamwomba kijana anayechunga awazuie langoni nisome hereni mmoja mmoja, si kuhesabu vichwa. Orodha ya walio hai mkononi, kalamu, alama ya vema kwa kila hereni niliyoisoma.

Vema zilikuwa 31. Wakabaki mbuzi watatu zizini wasio na mstari, na mistari mitatu kwenye orodha isiyo na mbuzi. Tatu kwa tatu. Ndiyo maana jana hesabu ilikubali.

Mbuzi watatu wasio na mstari: jike mwenye hereni G27, ambaye rejista inasema aliuzwa, jike wa kahawia asiye na hereni, sikio limepasuka, na kitoto kisicho na hereni, kitovu kimekauka lakini bado kinatikisika miguu. Mistari mitatu isiyo na mbuzi: G19, G21, na G22/3.

Tumekaa na shangazi tukavitatua kimoja kimoja.

Wa kahawia alikuwa rahisi. Kwenye daftari G19 alikuwa na maelezo yake, "kahawia, pembe ya kushoto imepinda kwa ndani", na pembe ilikuwa imepinda kwa ndani. Hereni ilinasa kwenye waya ikachomoka na sikio. Shangazi alikiri alimvalisha karibu na ukingo kwa sababu koleo lilikuwa linateleza. Hereni inatakiwa kukaa upande wa karibu na kichwa, katikati ya sikio, kati ya ile migongo miwili ya gegedu unayoisikia ukipapasa, mahali pasipo na mshipa wa damu. Ukingoni nyama ni nyembamba, chochote kitakachonasa kitaondoka nayo. Tumemvalisha G60 kwenye sikio jingine. Kwenye rejista A inabaki G19, B inakuwa G60.

G27 ilituchukua muda. Tulirudi kwenye kurasa za nyuma za daftari, na mauzo yameandikwa: "beberu, doa jeupe kifuani, G27." Lakini G27 aliye mbele yetu ni jike, na ana mimba. Nikaileta tochi karibu na ukurasa. Saba ya shangazi na moja yake ni ndugu wa tumbo moja. Moja ina kofia ndefu, saba haina mkato. Iliyoandikwa pale ni G21. Beberu G21, mwenye doa jeupe, ndiye aliyeuzwa. Mimi ndiye niliyesoma vibaya, na nimesoma vibaya nikiwa na safu ya jinsia mbele yangu inayosema G27 ni jike na ukurasa unaosema beberu. Sikulinganisha.

Wa tatu ndiye aliyenikaa rohoni. G22/3 alizaliwa wiki saba zilizopita, mstari upo. Kile kitoto zizini hakina hata wiki mbili, na kilipoachiwa kilimkimbilia G30, si G22. Kikaingia chini yake kikaanza kunyonya. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wa G22 alikufa. Siku ya nne. Nilikuwa na mgeni." Hakuandika. Na huyu wa G30 amezaliwa juzijuzi, naye hakuandikwa. Kifo kimoja kisichoandikwa na uzao mmoja usioandikwa vimekutana vikafutana, na jumla ikabaki ileile.

Masahihisho: kutoka kwa G27 kumehamia G21. G22/3 amepata tarehe ya kufa. G30/1 ameingia. Mistari sasa ni 59, walioondoka 25, walio hai 34. Namba ileile ya jana, lakini jana watatu kati yao hawakuwa wao.

Nimeweka kanuni mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Saba inakatwa katikati kwa mkwaju. Na kila mwisho wa mwezi tunasoma hereni langoni, hatuhesabu vichwa.

Siku ya 11

Chanjo. Nilikuwa nimeiacha makusudi, na nashukuru. Kama ningeanza nayo ningemchanja kwenye karatasi beberu aliyekwisha kuuzwa na kumwacha G27 mwenye mimba bila chanjo.

Karatasi ya *Chanjo* ni nyembamba: kitambulisho, tarehe, chanjo, dozi ya ngapi, namba ya toleo iliyo kwenye chupa. Mstari mmoja kwa mbuzi mmoja kwa sindano moja. Ni mistari mingi lakini inaandikika haraka, kwa sababu siku ya chanjo tarehe na namba ya toleo ni zilezile, unazivuta chini tu.

Tatizo ni daftari. Machi 15 ya mwaka huu limeandika hivi: "Sotoka, wote, dozi 29."

Wote ni nani? Niliwachuja kwenye rejista waliokuwa hai siku ile na waliokuwa wamefikisha miezi mitatu, maana vitoto vidogo havichanjwi sotoka. Kinga waliyonyonya kwa mama huizuia chanjo isishike. Wakatoka 31, na dozi ni 29. Wawili hawakuchanjwa, na daftari halijui ni nani.

Shangazi alimkumbuka mmoja papo hapo: G05 alikuwa na homa, na mgonjwa hachanjwi. Wa pili hatukumpata. Tulijaribu kwa mauzo ya wiki ile, kwa waliokuwa wamezaa, kwa kijana wa kuchunga. Hakuna. Kwa hiyo mistari 30 imeingia ikiwa na alama W pembeni, maana yake "imekisiwa kutokana na neno wote", na mmoja kati yao si kweli. Daktari wa mifugo anayemhudumia alisema kinga ya sotoka hudumu miaka mitatu hivi na kurudia mapema hakumdhuru mbuzi, kwa hiyo atakapokuja tena, wenye W watarudiwa wote pamoja na G05, na W zitafutwa. Ningependa rejista isiyo na doa. Lakini doa lililoandikwa naliona bora kuliko kumchagua mbuzi mmoja kwa bahati nasibu ili dozi zilingane.

Kisha fomula ya chanjo ya mwisho, kwenye safu K ya *Wanyama*:

```
=MAXIFS(Chanjo!B:B,Chanjo!A:A,A2,Chanjo!C:C,"sotoka")
```

Kwa waliochanjwa ilikuwa sawa. Kwa wasiochanjwa, G05 akiwemo, ilionyesha 1899-12-30. Shangazi alichungulia simu akasema, "Huyu alichanjwa kabla bibi yangu hajazaliwa." MAXIFS isipopata kitu inarudisha sifuri, na sifuri kwenye lahajedwali ninalotumia ikivalishwa sura ya tarehe ni siku hiyo ya mwisho wa karne ya 19. Inachekesha hadi utakapochapisha orodha na mtu akaipitia harakaharaka akaona kila mbuzi ana tarehe. Sasa inauliza kwanza kama mstari upo:

```
=IF(COUNTIFS(Chanjo!A:A,A2,Chanjo!C:C,"sotoka")=0,"BADO",
 MAXIFS(Chanjo!B:B,Chanjo!A:A,A2,Chanjo!C:C,"sotoka"))
```

BADO nimeipaka rangi nyekundu.

Siku ya 12

Safu ya "dozi ya ngapi" imeanza kulipa. Chanjo ya ugonjwa wa sumu ya utumbo, ule unaomwangusha mbuzi ghafla akiwa mnene na ameshiba, haimalizwi kwa sindano moja kwa mnyama ambaye hajawahi kuipata. Anapewa ya kwanza, na baada ya wiki nne hadi sita anapewa ya pili. Hiyo ya pili ndiyo inayoijenga kinga ikasimama. Baada ya hapo ni kurudia kila mwaka, au mapema zaidi daktari akisema hivyo, na majike wenye mimba hurudiwa wiki chache kabla ya kuzaa ili kitoto kipate kinga kwenye maziwa ya kwanza.

Nimehesabu mistari ya chanjo hiyo kwa kila mbuzi. Wakubwa wana miwili, mitatu. Saba wenye umri wa chini ya mwaka wana mmoja mmoja. Kwenye daftari siku ile inasomeka "vitoto wamechanjwa", na shangazi alikuwa amelala usingizi mzuri miezi mitano akijua wamechanjwa. Nimemuuliza daktari kama wanaendelea na ya pili au wanaanza upya baada ya pengo refu kiasi hicho. Ameamua waanze upya, na ameandika tarehe mbili, si moja.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya muhtasari kuna orodha mpya, ya waliopata dozi ya kwanza bila ya pili. Inatakiwa iwe tupu. Leo ina majina saba.

Siku ya 16

Leo nilikuwa ninasafisha safu ya sababu. Shangazi huandika "alikufa tu". Nilitaka orodha ya magonjwa achague, kisha nikaacha. Hajui ugonjwa, mimi sijui, na tukimlazimisha achague atachagua. Tumekubaliana aandike alichokiona: alihara, tumbo lilijaa, alikohoa, siku ngapi alikuwa mgonjwa, au alikutwa amekufa. Daktari akija atasoma hayo mwenyewe.

Nikapanga waliokufa kwa umri, kutoka mdogo hadi mkubwa. Ndipo ile fomula ya siku ya 3, inayosimamisha umri siku ya kuondoka, ilipotoa kitu ambacho daftari lisingetoa, kwa sababu kwenye daftari kuzaliwa kuko mbele na vifo viko popote. Vifo 10. Saba ni chini ya miezi miwili. Nikaangalia safu D, ya mama. Watatu kati ya saba ni wa G11.

Nikachuja G11 peke yake. Amezaa mara tatu, mapacha mara zote, watoto sita. Kila uzao mmoja amepona na mmoja amekufa akiwa na wiki tatu hadi sita.

G11 ndiye mbuzi anayesifiwa kuliko wote pale zizini. "Huyu hazai mmoja," shangazi husema, na hajawahi kufikiria kumuuza. Nilimsomea mistari sita kwa sauti. Hakusema kitu. Akaenda zizini, akamshika G11 mguu wa nyuma, akapapasa kiwele. Akakamua upande wa kulia, maziwa yakatoka kwa nguvu. Akakamua wa kushoto. Halikutoka hata tone. Ndani ni pagumu, kama fundo. Upande huo umekufa, yaelekea kwa ugonjwa wa kiwele wa zamani uliopita bila kuonekana, kwa sababu mtoto aliyepona alikuwa ananyonya na kunenepa, na aliyedhoofu alionekana tu kuwa dhaifu wa kuzaliwa.

Kiwele cha upande mmoja kinalea mtoto mmoja. Ana mimba tena, kwa mujibu wa tarehe aliyopandwa atazaa baada ya wiki saba hivi. Shangazi anataka mmoja wa mapacha anyonyeshwe kwa chupa, au apewe G30 ambaye ana mtoto mmoja. Kuhusu kumuuza G11 bado hajaamua, na sikumsukuma. Nimeongeza safu ya "Maelezo", nikaandika: kiwele cha kushoto hakitoi.

Siku ya 19

Utaratibu wa kila siku umetulia hivi. Zizini kuna daftari jipya lenye safu nne tu: tarehe, hereni, kilichotokea, maelezo. Kila kitu kinaingia hapo kwa mfuatano, kuzaliwa, kufa, kuuzwa, sindano, hereni mpya. Hakuna mbele wala nyuma. Limefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya lango, kalamu nayo imefungwa, kwa sababu kalamu ya kwanza ilidumu siku mbili. Jumapili ninapiga picha ukurasa, ninaingiza, na kila mstari nilioingiza shangazi anautia mkato. Usio na mkato haujaingia.

Kijana wa kuchunga ameanza kuandika mwenyewe. Jana aliandika "G33 anachechemea mguu wa mbele kulia", jambo ambalo sikuliwekea safu. Limeingia kwenye maelezo.

Siku ya 24

Daktari amekuja. Nilimchapishia orodha mbili: wenye W na BADO za sotoka, na wale saba wa dozi. Tulisoma hereni mmoja baada ya mwingine langoni, yeye akichoma, mimi nikitia vema, shangazi akiwapaka rangi mgongoni waliokwisha kuchomwa ili asirudi mtu mara mbili. Wawili kati ya wale wa W wamekwisha kuuzwa tangu Machi, kwa hiyo wenye W walikuwa 28, na G05 wa 29. Vema 29, dozi zilizotumika 29.

G30/1 hakuchanjwa, hajafikisha umri. Tarehe yake ya miezi mitatu nimeiweka kwenye muhtasari. G19 alisimama tuli wakati wote na hereni yake mpya. Sikio la zamani limepona, limebaki na pengo lenye umbo la herufi V.

Vinavyosubiri: dozi ya pili ya wale saba, wiki ya nne kuanzia leo, hereni kwa vitoto vinne, uzao wa G11.